Jina jipya, PIN ya zamani: Barua ambayo wafanyabiashara wa mpakani husahau kuiandika

MOMBASA/TANGA. Mfanyabiashara mmoja wa kamba na magunia ya mkonge katika eneo la Kongowea, Mombasa, alidhani kazi ngumu imekwisha siku alipopokea cheti cha usajili wa kampuni yake. Kwa miaka mingi alikuwa amefanya biashara kwa jina la biashara alilolisajili yeye mwenyewe, akilipa kodi kwa PIN yake binafsi. Sasa alikuwa na kampuni yenye PIN yake, akaunti yake ya benki na ofisi mpya ya Changamwe. Mwezi Machi ulipoanza, alianza kutoa ankara kwa jina la kampuni.

Kiwandani Tanga, ambako hununua kamba zake, alituma ujumbe mfupi kwa simu: jina limebadilika, jina jipya ni hili. Kaka wa mauzo akamjibu kwa pongezi, akabadilisha jina kwenye ankara. Malori mawili yakapita Horohoro na Lunga Lunga mwezi huo bila tatizo, na mzigo ukauzwa wote.

Tatizo lilijitokeza Aprili, mhasibu wake alipokaa kuandaa marejesho ya VAT ya mwezi Machi, ambayo kwa sheria ya Kenya hutakiwa kufika kwa Mamlaka ya Ushuru (KRA) kabla au ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mauzo yote yalikuwa chini ya kampuni. VAT iliyolipwa mpakani ilikuwa chini ya PIN binafsi ya mwenye duka. Ujumbe wake wa simu ulikuwa umetaja jina jipya, lakini haukutaja nambari mpya. Wakala wa forodha aliendelea kutumia nambari iliyokuwa kwenye faili lake.

Hesabu ilivyokwenda kombo

Ili kuelewa uzito wa kosa hilo, tufuate fedha zenyewe. Kila lori lilibeba mzigo wa thamani ya Sh900,000 za Kenya. Kamba hizo zimetengenezwa Tanzania, hivyo zikiwa na cheti cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki hazitozwi ushuru wa forodha. VAT ya asilimia 16 hulipwa, jumuiya au si jumuiya. Kwa malori mawili, VAT ilikuwa Sh288,000.

Mzigo huo uliuzwa kwa Sh2,400,000 kabla ya kodi, na VAT aliyowatoza wateja ikafika Sh384,000. Mambo yangekuwa sawa, kampuni ingeondoa Sh288,000 zilizokwishalipwa mpakani na kuilipa KRA tofauti ya Sh96,000 tu. Lakini kwa kuwa hati za forodha zilikuwa na PIN ya mtu mwingine mbele ya sheria, kampuni haikuweza kudai hata senti. Ilitakiwa ilipe Sh384,000 zote. Fedha alizokuwa ametenga kwa lori la tatu zikaenda kwenye kodi, na lori hilo halikuja.

Maneno "mtu mwingine" ndiyo yaliyomshangaza. Duka ni lilelile, mwenyewe ni yuleyule, kamba ni zilezile. Lakini kampuni ni mtu wa kisheria anayejitegemea, na mtu huyo alizaliwa siku cheti kilipotolewa. Alichokifanya mwenye duka ni kuhamisha biashara kutoka kwake kwenda kwa kampuni. Jina lilibadilika kwa sababu mwenye biashara alibadilika.

Mambo mawili yanayofanana kwa nje

Wengi huchanganya mabadiliko ya aina mbili, na barua wanazoandika huchanganya vilevile.

Aina ya kwanza ni kampuni kubadilisha jina tu. Wanahisa hupitisha azimio maalumu kwa angalau robo tatu ya kura, msajili hutoa cheti cha kubadilisha jina, na mambo mengine hubaki yalivyo. Tanzania msajili huyo ni BRELA, na Kenya ni Huduma ya Usajili wa Biashara. Nambari ya kodi haibadiliki, mikataba inaendelea, madeni yanaendelea. Kiwanda cha Tanga kikibadilisha jina kwa njia hii, TIN yake ni ileile, na risiti za mashine ya EFD zinapaswa kuanza kuchapa jina jipya baada ya taarifa kusahihishwa katika Mamlaka ya Mapato (TRA). Mnunuzi wa Mombasa anachohitaji ni nakala ya cheti kwenye faili lake, ili siku mkaguzi akiuliza kwa nini ankara za Januari zina jina moja na za Juni jina jingine, jibu liwepo.

Aina ya pili ndiyo iliyomkuta mfanyabiashara wa Kongowea: mtu binafsi, au ubia wa ndugu wawili, kugeuka kampuni. Hapa nambari ya kodi hubadilika. Kwa Kenya ni rahisi kuitambua, kwani PIN ya mtu binafsi huanza na herufi A na ya kampuni huanza na P. Barua ikisema "tumebadilisha jina" na PIN iliyomo imetoka A kwenda P, aliyeipokea ajue kwamba anaanza kufanya biashara na mtu mpya. Oda ambazo hazijatimizwa ziandikwe upya. Mkataba wa mkopo wa bidhaa uhamishwe kwa makubaliano ya pande tatu: aliyekuwepo, anayeingia, na upande wa pili wa mkataba.

Kuna jambo jingine linaloficha kosa la aina hii. PIN ya mtu binafsi haifi biashara inapohamia kwa kampuni. Ni ya mwenyewe maisha yake yote, na ataendelea kuitumia kwa kodi ya nyumba aliyopangisha au gari alilonunua. Kwa hiyo wakala wa forodha akiiangalia PIN ya zamani kwenye ukurasa wa PIN Checker wa mtandao wa iTax, ataikuta hai. Hakuna taa nyekundu itakayowaka. Mtu pekee anayejua kwamba nambari hiyo haifai tena ni yule aliyehamisha biashara.

Bidhaa huvuka, taarifa haivuki

Tangu mfumo wa Himaya Moja ya Forodha uanze kutumika mwaka 2014, bidhaa inayotoka Tanga kwenda Mombasa hutangazwa na kulipiwa kodi katika nchi inakokwenda kabla ya kuanza safari. Ndiyo sababu lori halikukaa sana Lunga Lunga. Lakini daftari za wafanyabiashara bado ni za kila nchi. Kenya wana PIN, Tanzania, Uganda na Rwanda wana TIN, na Burundi wana NIF. Msajili wa Nairobi anapotoa cheti, kiwanda cha Tanga hakipati habari yoyote. Hata KRA, ambayo ni lazima iarifiwe ndani ya siku 30 mlipakodi aliyesajiliwa anapobadilisha jina la biashara au anwani, haina wajibu wa kuwaandikia wauzaji na wateja wake.

Kwa hiyo taarifa huvuka mpaka kwa njia moja tu: mwenye biashara kuiandika na kuituma. Na lazima iwafikie watu wanaojaza hati. Kwenye safari ya kamba za mkonge, wanaojaza hati ni watatu: kiwanda kinachotoa ankara, anayeshughulikia cheti cha uasili na usafirishaji upande wa Tanzania, na wakala wa forodha upande wa Kenya. Kaka wa mauzo ni mtu mwema, lakini yeye hajazi PIN popote.

Muuzaji wa Tanzania naye ana sababu yake ya kutaka taarifa iwe sahihi. Mauzo ya nje hutozwa VAT ya asilimia sifuri, sharti awe na ushahidi kwamba bidhaa imetoka nchini. Ankara yake ikiwa na jina moja na hati za usafirishaji zikiwa na jingine, ni yeye atakayebanwa na maswali. Vivyo hivyo kwa cheti cha uasili: jina la mpokeaji likitofautiana na la ankara, ofisa wa forodha ana haki ya kuhoji kama cheti hicho ni cha mzigo huo.

Tarehe ndiyo moyo wa barua

Barua nzuri ya mabadiliko haihitaji kurasa mbili, ila lazima ijibu swali ambalo kila karani atajiuliza: mzigo huu, ankara hii, malipo haya, ni ya nani? Jibu hutegemea tarehe. Tarehe nzuri ni siku ya kwanza ya mwezi, kwa kuwa VAT huhesabiwa mwezi kwa mwezi, na mwezi uliogawanyika katikati huzaa marejesho mawili yenye utata.

Kabla ya tarehe hiyo, kampuni mpya iwe imekwisha kusajiliwa kwa VAT na kuwekwa kwenye mfumo wa eTIMS. Kampuni isiyosajiliwa kwa VAT haiwezi kuitoza wala kuidai, na ankara itakayotoa kwa haraka itamrudia mteja mikononi. Tangu 1 Januari 2024, mfanyabiashara wa Kenya anayenunua ndani ya nchi bila ankara ya eTIMS hawezi kuhesabu ununuzi huo kama gharama ya biashara, isipokuwa kwa malipo machache yaliyoachwa nje ya sharti hilo. Wateja wakubwa hawakubali ahadi ya "ankara itakuja."

Baada ya kisa chake, mfanyabiashara wa Kongowea aliandika barua mpya pamoja na mhasibu. Tumeiondoa majina na nambari, lakini mpangilio wake ni huu:

*Kwa: Idara ya Uhasibu, Idara ya Mauzo na Wakala wa Forodha*

*YAH: KUHAMISHWA KWA BIASHARA, NAMBARI MPYA YA KODI NA ANWANI MPYA YA ANKARA*

*Tunawaarifu kwamba kuanzia tarehe 1 ya mwezi ujao, biashara iliyokuwa ikiendeshwa na (jina la zamani), PIN inayoanzia A, itaendeshwa na (jina la kampuni), PIN inayoanzia P. Hili si badiliko la jina pekee. Kampuni ni mlipakodi mpya.*

*Mizigo yote itakayotangazwa forodhani kuanzia tarehe hiyo iandikwe kwa jina na PIN ya kampuni, katika ankara, cheti cha uasili na hati ya forodha. Mzigo uliokwisha kutangazwa kabla ya tarehe hiyo ubaki kwa jina la zamani, hata kama utafika baadaye.*

*Ankara zilizotolewa kabla ya tarehe hiyo zibaki zilivyo na zilipwe kama zilivyoandikwa. Tafadhali msizitoe upya.*

*Ankara zitumwe kwa anwani mpya ya Changamwe. Bidhaa ziendelee kupelekwa ghala la Kongowea kama kawaida.*

*Tumeambatisha cheti cha usajili wa kampuni na cheti cha PIN. Kwa uthibitisho, tupigieni kwa nambari ya simu mliyonayo tayari kwenye faili lenu.*

Sentensi ya ghala inaonekana ya kupuuzwa, lakini ipo kwa sababu. Katika tangazo la kwanza aliandika tu "tumehamia Changamwe," na dereva akapeleka robota za kamba kwenye ofisi iliyo ghorofa ya pili. Anwani ya ankara na anwani ya mzigo ni vitu viwili, na barua itaje zote mbili hata kama moja haijabadilika.

Kuhusu muda, barua kwa wauzaji iende angalau mwezi mmoja kabla, maana hati za mzigo huanza kuandaliwa mapema kuliko lori linavyopakia. Wateja wanaweza kuipata pamoja na ankara ya mwisho ya jina la zamani, kisha wakumbushwe siku ya mabadiliko yenyewe.

Mteja anayeogopa barua yako

Upande wa wateja kulikuwa na mkasa mwingine. Hoteli moja ya pwani ilisimamisha malipo kwa wiki tatu. Haikuwa na ugomvi na mtu. Ilipokea barua yenye jina jipya, anwani mpya, barua pepe mpya na akaunti mpya ya benki, vyote kwa mpigo, kutoka anwani ya barua pepe ambayo haijawahi kuiona. Mhasibu wa hoteli alifanya alichopaswa kufanya: aliiweka pembeni.

Barua ya namna hiyo ndiyo silaha ya matapeli. Huingia katikati ya mawasiliano ya muuzaji na mnunuzi, wakatuma tangazo la heshima kwamba akaunti imebadilika, na fedha zikaenda kusikojulikana. Mwenye biashara halali ajue kwamba tangazo lake linafanana kabisa na lao, na alitofautishe. Litoke kwanza kwenye barua pepe ya zamani ambayo mteja anaijua. Litiwe saini na mtu ambaye mteja amezoea kushughulika naye. Akaunti ya benki isiwe kwenye tangazo la kwanza, bali ifuate baada ya mteja kuthibitisha kwa simu.

Anayepokea naye ana kazi yake. Apige simu kwa nambari iliyoko kwenye faili lake, asipige iliyoandikwa kwenye barua, kwa kuwa tapeli huandika nambari yake mwenyewe. Aingize PIN mpya kwenye PIN Checker aone kama jina linalotokea ndilo lililo kwenye barua, na kama VAT imo kati ya kodi zilizosajiliwa. Akitaka kujua wakurugenzi ni nani, aombe hati ya CR12 kutoka kwa msajili. Kwa kampuni ya Tanzania, uthibitisho wa usajili hutafutwa BRELA. Hatua hizi ni kazi ya asubuhi moja.

Hoteli ilipoanza kulipa, ililipa vizuri lakini ikabakisha kosa dogo. Ni wakala aliyeteuliwa na KRA kuzuia sehemu ya VAT, yaani asilimia 2 ya thamani ya bidhaa, na kuiwasilisha moja kwa moja. Kwa ankara ya Sh300,000, hiyo ni Sh6,000. Cheti cha fedha hizo kilitolewa kwa PIN ya zamani, kwa sababu idara ya manunuzi ilikuwa imebadilisha taarifa na idara ya malipo haikuwa. Ndiyo maana mhasibu wake sasa hatosheki kuambiwa "tumepokea." Husubiri hati ya kwanza kutoka kila upande baada ya tarehe ya mabadiliko, yaani oda ya kwanza, ankara ya kwanza, hati ya forodha ya kwanza na cheti cha kwanza cha kodi iliyozuiwa, na kukagua PIN kwa jicho lake. Hati ya kwanza ikiwa sahihi, za baadaye kwa kawaida hunakiliwa kutoka kwake. Ikiwa na kosa, kosa hilo pia litanakiliwa.

Usifunge mlango mapema

Je, aliyekwisha kukosea afanye nini? Jibu hutegemea hati zinasemaje. Kama ankara ya Tanga na hati ya forodha zote zina jina la zamani, basi aliyenunua ni mwenye biashara wa zamani. Huyo, akiwa bado amesajiliwa kwa VAT, anaweza kudai kodi ya mpakani na kuiuzia kampuni mzigo huo kwa ankara halali ya eTIMS, na kampuni nayo ikaidai. Njia hiyo hufungwa kwa yule aliyekimbilia kufuta usajili wake wa VAT mara tu kampuni ilipozaliwa. Ni heri kuuacha wazi mpaka mzigo wa mwisho wa jina la zamani uwe umepita, na mpaka bidhaa zilizorudishwa zimalizike, kwa kuwa hati ya kupunguza deni lazima itolewe na yule aliyetoa ankara ya mwanzo.

Kwa mfanyabiashara wa Kongowea njia hiyo haikufaa. Ankara zilikuwa na jina la kampuni na hati za forodha PIN yake binafsi, na huwezi kuuza usichokinunua. Ilibidi wakala aombe forodha isahihishe hati za malori yote mawili, akiambatisha ankara, cheti cha kampuni na maelezo ya maandishi. Hilo ni ombi ambalo maofisa hulipima kabla ya kulikubali, na linachukua muda. Na muda wenyewe una mwisho: sheria ya Kenya inaruhusu VAT ya manunuzi kudaiwa ndani ya miezi sita baada ya mwezi husika kumalizika. Kwa mizigo ya Machi, mlango ulikuwa ufungwe mwisho wa Septemba.

Hati zilisahihishwa Julai. Katika miezi ile kati ya Aprili na Julai alikopa ili kuagiza tena, na riba ya mkopo huo hakuna sheria inayomrudishia.

Leo, kwenye ukuta wa ofisi ya Changamwe, nyuma ya meza ya mhasibu, kuna karatasi yenye jina la kampuni, PIN, anwani ya ankara na anwani ya ghala. Nakala yake imebandikwa pia kwa wakala wa forodha Lunga Lunga. Mwenye duka aliipeleka mwenyewe, kwa matatu, akasimama pale mpaka akaona nambari ya zamani imefutwa kwenye faili.